Barua ya Mistari Mitano: Kutoa Kiswahili katika Herufi za Kiarabu na Kukiandika kwa Kilatini



Karatasi mliyogawiwa mlangoni ina barua fupi ya mistari mitano, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu na lugha yake ni Kiswahili. Niseme mapema kwamba si hati ya kale. Nimeiandika mwenyewe kwa kalamu ya mwanzi, kwa desturi za barua za biashara za pwani yetu kama zilivyokuwa miaka mia na ishirini iliyopita. Barua za kweli zilizomo katika masanduku ya watu zina wenyewe, zina madeni na siri za nyumba ndani yake, na sikuona vema kuzisoma hadharani. Mitego niliyoitega ndani ya hii, lakini, ni ileile mtakayoikuta katika barua ya babu yenu.

Hati zenyewe zipo, tena nyingi. Barua za Kiswahili za zamani kabisa zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, na leo zimehifadhiwa katika nyaraka za Goa, India. Nakala ya Chuo cha Tambuka yenye tarehe ya 1728 iko Hamburg. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo mkubwa, na sehemu yake kubwa ilikusanywa na J. W. T. Allen. Mwaka 1892 Mjerumani C. G. Büttner alichapisha barua za Waswahili kwa picha za maandishi yenyewe pamoja na unukuzi wake, na hadi leo anayeanza kujifunza kazi hii hawezi kupata mazoezi mazuri kuliko kuufunika unukuzi kwa mkono, kusoma mwenyewe, kisha kulinganisha.

Ugumu wenyewe uko wapi? Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi: fataha, kasira na dhuma. Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo kasira ilibeba i na e pamoja, na dhuma ikabeba u na o. Upande wa konsonanti ni vivyo hivyo. Herufi be ilifanya kazi ya b, p, mb na mp. Fe ilikuwa f, v na mv. Ghaini ilikuwa gh, g, ng na ng'. Dali ilikuwa d na nd, na shini mara nyingi ilisimama mahali pa ch. Nuni ya mbele ya konsonanti, ile inayofanya mb, nd na ng, haikuandikwa na wengi, maana msomaji Mswahili aliitia mwenyewe bila kufikiri. Aliyeandika hakuwa mzembe. Alimwandikia mtu anayejua lugha na anayejua shughuli yenyewe. Sisi tumefika baadaye, shughuli hatuijui, na hapo ndipo tunapokwama.

Wako waliojaribu kuziba pengo hilo. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyenakili mashairi ya Muyaka na kufanya kazi pamoja na Mwingereza W. E. Taylor, alitia alama za ziada ili sauti za Kiswahili zitofautiane. Katika karne ya 20 Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui naye alipanga utaratibu wake. Lakini hakuna utaratibu uliowahi kukubaliwa na pwani nzima, kwa hiyo kila mnakili ana mkono wake na mazoea yake. Kabla hujasoma neno hata moja la ukurasa, jifunze mkono huo kwanza. Tafuta maneno ambayo hayawezi kusomeka vingine, kama salamu, nakuarifu, wasalamu, jina la mwezi, na uyatumie kuona mwandishi anaiandikaje herufi hii na ile. Nukta zake mbili ni nukta mbili kweli, au ni kistari? Nukta tatu za shini anaziandika, au anaweka kijitao? Je, anavuta irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho kwa alifu, wau au ye? Wengi walifanya hivyo, kwa kuwa ndipo mkazo wa neno la Kiswahili unapoangukia. Andika mazoea hayo katika jedwali dogo pembeni. Jedwali hilo ndilo litakalokuamulia mambo baadaye, wakati jicho limechoka na kila be inaanza kuonekana kama te.

Sasa hatua ya kwanza, ambayo wanaoanza huiruka na baadaye hujuta. Nukuu herufi kwa herufi bila kusoma. Maana yake, kila kasira iandike i, kila dhuma u, kila be b, kila ghaini gh, na palipo na herufi ya kuvuta andika irabu mara mbili. Usisaidie. Ukitoa barua yetu kwa namna hiyo utapata hivi:

ba'da ya salaamu naku'ariifu shuubu kimifiika yaana
usiiku hakikughiia bandariini kwa maai kuubwa ghuuwu kuriija
biili zimiwasiili mtiili biishi 30 umighiia maai diaani
nauli siliibi hatta nikuadikiiyi wassalaamu
6 mfuughu naani 1321

Najua inachekesha kuisoma kwa sauti. Lakini tabaka hili ni ushahidi, nalo halibadiliki. Mwenzako akija miaka kumi baadaye na akasoma vingine, ataona wewe ulianzia wapi. Ukiruka moja kwa moja ukaandika Kiswahili safi, utakuwa umechanganya alichoandika mwandishi na ulichokisia wewe, na hakuna atakayeweza kuvitenganisha tena bila kurudi kwenye karatasi, nayo karatasi mchwa wanaijua njia yake.

Hatua ya pili ndiyo kusoma. Anza na shuubu. Shini yaweza kuwa sh au ch, be yaweza kuwa b au mb, dhuma yaweza kuwa u au o. Yapo maneno mawili tu yanayokaa hapo bila taabu: shombo na chombo. Linalofuata ni kimifiika, yaani kimefika. Shombo ni harufu ya samaki, na hata ingefika isingefika kwa ki-. Basi ni chombo, tena chombo cha baharini. Angalia kilichotuamulia. Umbo la herufi halikusaidia lolote. Ni upatanisho wa sarufi. Ngeli ndizo msaidizi mkubwa wa msomaji wa hati hizi, kwa sababu neno moja lenye utata huwa limezungukwa na viambishi ambavyo havina utata.

Tazama bandariini. Hapa nuni imeandikwa, ilhali katika diaani na nikuadikiiyi haikuandikwa. Mwandishi hakujisahau. Bandari ni neno lililoingia kutoka nje, na mwenye elimu ya chuoni alilijua kwa tahajia yake ya asili, kwa hiyo akaliandika kama alivyolizoea. Ndivyo pia kwa ba'da yenye aini na hatta yenye shada juu ya te. Maneno ya Kibantu ndiyo yaliyoandikwa kwa sikio. Kwa hiyo ukiona neno limeandikwa kwa ukamilifu wa ajabu katikati ya maneno yaliyopunguzwa, jiulize kwanza kama si la Kiarabu au Kiajemi.

Katika mstari huohuo kuna maai kuubwa. Mwanafunzi wangu mmoja alisoma haraka "maji makubwa", akaona picha ya bahari iliyochafuka, na akaipenda. Lakini hakuna ma-. Maji ni ngeli ya ma-, na Mswahili hasemi "maji kubwa" hata akiwa amelala. Be hii basi ni p, na neno ni kupwa. Chombo hakikuingia bandarini kwa maji kupwa. Badala ya bahari iliyojaa na kuchafuka, tumepata bahari iliyotoka, chombo kikasubiri nje.

Nimesema maji, lakini karatasi inasema mai. Inasema pia yana, mtele na ndiani, si jana, mchele na njiani. Hiki ni Kiamu, Kiswahili cha Lamu, na hapo unukuzi wetu una jambo la kuamua. Ukiandika "mchele" umesahihisha mtu ambaye hakukosea. Tena umefuta dalili pekee iliyotuambia mwandishi anatoka wapi, maana barua hii haitaji mji. Kanuni yangu ni kwamba tabaka la pili hufuata matamshi ya mwandishi: mtele, mai, ndiani, hakikungia, umengia. Anayetaka Kiswahili sanifu ataandikiwa tabaka la tatu hapo chini, au maelezo ya maneno. Kuna wahariri wazuri waliosanifisha kila kitu ili vitabu vyao visomeke shuleni, na sababu yao ninaielewa, lakini baadhi ya vitabu hivyo havinisaidii chochote ninapotaka kujua lahaja ya aliyeandika.

Kwa namna hiyo ghuuwu imekuwa nguo, kuriija ni korija, biili ni mbili, biishi ni pishi. Korija ni hesabu ya ishirini ishirini, kwa hiyo nguo ni arubaini. Pishi ni vibaba vinne. Vipimo hivi viache vilivyo ndani ya unukuzi, uvieleze pembeni. Usigeuze pishi kuwa kilo katikati ya maneno ya mtu.

Namba ya mtele ina tatizo lake. Katika tarakimu za Kiarabu sifuri ni nukta. Tatu yenye nukta kando yake ni thelathini, na tatu yenye tundu la mdudu, au tone la wino kando yake, inaonekana kuwa thelathini. Tena mbili na tatu hutofautiana kwa jino moja tu juu, na kalamu ikiwa butu jino hilo hupotea. Hapa inafaa kuinamisha taa. Mwanga ukija kutoka ubavuni, tundu huonekana kuwa tundu, na wino hubaki wino. Geuza karatasi pia utazame nyuma yake, maana wino wa zamani mara nyingi umepenya na tundu limepita. Katika karatasi yetu nimeweka nukta iliyofifia, nusu yake imekwenda na mkunjo. Mimi naandika 3[0], na mabano hayo ya mraba yana maana moja tu: kilichomo ndani nimekitia mimi kwa kukisia. Pishi tatu na pishi thelathini ni mbali sana kwa mfanyabiashara, kwa hiyo msomaji ana haki ya kuyaona mabano hayo mbele yake, yasije yakafichwa katika maelezo ya mwisho wa kitabu.

Sasa naomba tukae kidogo kwenye mstari wa nne, kwa sababu maana ya barua nzima imelala hapo. Nauli siliibi. Be ni p, hilo ni rahisi. Lakini kasira ya mwisho ni i au ni e? Ikiwa i, neno ni silipi: mwandishi anasema yeye halipi nauli. Ikiwa e, neno ni silipe. Katika Kiswahili cha kaskazini, na katika ushairi wa zamani wa pwani, si- mbele ya kitenzi kinachoishia na e ni katazo kwa mtu mmoja, kama leo tunavyosema "usilipe". Kwa alama moja ileile, ama mwandishi anakataa kulipa, ama anamkataza mwenzake asilipe. Fikirieni karatasi hii ingepelekwa mbele ya kadhi.

Tabaka la kwanza haliwezi kutusaidia, maana kasira ni kasira. Kamusi haiwezi, maana maneno yote mawili ni sahihi. Inabidi kutazama kinachofuata: hatta nikuadikiiyi, yaani hata nikuandikie, hadi nitakapokuandikia. Atakayeandika ni yuleyule mwandishi, na atakayepokea ni mwenzake. Mtu humwambia mwenzake "subiri barua yangu" pale mwenzake ndiye mwenye la kufanya. Kama mwandishi mwenyewe ndiye angekuwa anazuia fedha yake, tungetarajia kinyume, "hata uniandikie". Kuna pia jambo la nyakati. Silipi ni kauli ya desturi au ya msimamo, silipi kabisa. Anayeahirisha malipo ya shehena moja angesema sitalipa. Tena mstari uliotangulia umesema mtele umengia mai ndiani. Mali imeharibika safarini, kwa hiyo ni jambo la busara kumwambia aliyeko huko, ambaye nahodha atamrudia kudai, kwamba azuie nauli kwanza.

Hoja tatu zinaelekea upande mmoja, nami nasoma silipe. Lakini hazifungi mlango kabisa, kwa hiyo chini ya unukuzi naandika: "silipe, kwa maandishi yaweza pia kusomwa silipi." Sentensi fupi kama hiyo inatosha. Sitaki maelezo ya nusu ukurasa yanayomfanya msomaji aamini kwamba mhariri ana wasiwasi na kila kitu. Wasiwasi uwekwe pale unapobadilisha maana, na pengine pote uamue.

Tarehe ndiyo inayowaangusha hata watu wazima. Mfungo nane si mwezi wa nane. Waswahili walihesabu miezi kuanzia ile ya baada ya Ramadhani: Mfungo Mosi ni Shawwal, Mfungo Nne ni Muharram, Mfungo Sita ndio mwezi wa Maulidi, na Mfungo Nane ni Jumada al-Ula, mwezi wa tano wa mwaka wa Hijria. Kwa hesabu ya majedwali, tarehe 6 ya mwezi huo mwaka 1321 ni 31 Julai 1903. Aliyeichukua namba nane kama ilivyo akaipeleka Shaabani atapata 28 Oktoba 1903. Kosa la miezi mitatu.

Hapa pepo zinaweza kukusaidia kukagua. Tuseme umepata kwingine, labda kwenye anwani iliyoko mgongoni mwa karatasi, kwamba barua ilitumwa Unguja na bidhaa zilitoka huko kwenda Lamu. Chombo cha tanga kinachopanda kaskazini kinataka kusi, na mwezi Julai kusi inavuma sawasawa. Mwishoni mwa Oktoba kusi imekwisha kulegea na kaskazi inakaribia kuingia. Si uthibitisho, kwa sababu mabaharia wetu walijua kuiba upepo, lakini tarehe inayopingana na majira inastahili kusomwa upya kabla haijachapishwa. Ongeza siku moja ya shaka kila upande, kwa sababu siku ya Kiislamu huanza magharibi na mwezi uliandama kwa macho, haukuandama kwa jedwali. Naandika "karibu 31 Julai 1903" na sizidishi.

Basi tabaka la pili, lililo tayari kuchapishwa, linakuwa hivi:

Baada ya salamu, nakuarifu chombo kimefika yana usiku. Hakikungia bandarini kwa mai kupwa. Nguo korija mbili zimewasili. Mtele pishi 3[0] umengia mai ndiani. Nauli silipe hata nikuandikie. Wasalamu. 6 Mfungo Nane 1321.

Nukta, vituo na herufi kubwa zote ni zangu. Mwandishi hakuweka hata kimoja. Hilo nalo liandikwe mara moja, mwanzoni mwa kazi, kwa sababu kituo kilichowekwa mahali pasipo pake kinageuza maneno. Mkihamisha kile cha mbele ya "Nguo" mkaisoma nguo pamoja na kupwa, hamtaelewa kitu, ila mkihamisha kile cha baada ya "zimewasili" na kukiweka baada ya "mtele", nguo na mchele vyote vitakuwa vimewasili, na zile pishi zilizoingia maji zitakuwa za kitu kisichotajwa. Sarufi inapinga kidogo hapo pia, maana umengia unadai ngeli ya mtele. Lakini si kila mara utakuwa na bahati ya kiambishi.

Mwisho ni muhtasari. Muhtasari wa hati unasomwa na watu wengi kuliko hati yenyewe, maana ndio unaoingia kwenye orodha ya maktaba. Kwa hiyo uandike wa mwisho, baada ya mambo yote kuamuliwa. Useme ni aina gani ya maandishi, kwa lahaja gani, ya lini, yanahusu nini, na yana shaka gani kubwa. Usitie hisia za mwandishi ambazo hakuzitaja. Nimewahi kuona barua kama hii imeandikiwa muhtasari usemao "mfanyabiashara mwenye hasira anakataa kulipa nauli". Hasira imetoka wapi? Imetoka kwenye i moja iliyopaswa kuwa e, na yote yaliyobaki yakafuata.

Wangu ni huu:

"Barua ya biashara, mistari mitano, Kiswahili cha Kiamu kwa herufi za Kiarabu zenye irabu, karibu 31 Julai 1903. Mwandishi anamjulisha mwenzake kwamba chombo kimefika usiku, hakikuingia bandarini kwa sababu ya maji kupwa. Nguo korija mbili (arubaini) zimepokelewa. Mchele, pishi 30 (sifuri haionekani vema), umeingia maji njiani. Anamwagiza asilipe nauli mpaka amwandikie tena (au: anasema yeye halipi, tazama maelezo ya mstari wa 4). Majina ya mwandishi na mpokeaji hayamo katika ukurasa huu."

Katika muhtasari nimetumia mchele na njiani, Kiswahili sanifu, kwa sababu hapo anayesema ni mimi. Picha ya karatasi, tabaka la kwanza, tabaka la pili na muhtasari vihifadhiwe pamoja kwa namba moja, na mistari ihesabiwe sawa katika vyote, ili anayetaka kuukagua mstari wa 4 aweke kidole kwenye picha na kingine kwenye unukuzi. Pembeni mwa karatasi zenu nimeacha nafasi. Mtaona mstari wa pili una neno moja ambalo sikulijadili jioni hii, hakikughiia, nalo lina alama zinazoweza kusomwa kwa zaidi ya njia moja. Kabla ya maswali, chukueni kalamu mnipe njia hizo zote, kisha mseme ni ipi inayokubaliwa na chombo.